Ukituma laki moja kijijini, noti hasa zinapita wapi?

Jembe Jipya · #1

Wakuu, salaam. Kuna swali limenikaa kichwani tangu juzi. Nilimtumia mama laki moja kwa simu, na sijamaliza hata kuvuka barabara akanipigia kwamba ameshaitoa kwa wakala pale senta. Noti zangu mimi nilimpa wakala wa huku Mbagala. Yule wa kijijini hamjui huyu wa Mbagala, hawajawahi kuonana hata siku moja. Sasa yule wa kijijini alimlipa mama kwa pesa ya nani?

Na la pili linalonisumbua: kwa nini jambo hili lilishika moto kwetu na Kenya, ambako matawi ya benki ni ya kuhesabu kwa vidole, kuliko nchi zenye benki kila kona? Naomba anayeijua kazi hii kwa ndani.

---

Kibega · #2

Mbona rahisi. Laki yako inaingia kwenye mtambo wa kampuni, kampuni inatengeneza laki nyingine ya kwenye simu na kumpa mama. Kwa maneno mengine kampuni za simu zinatengeneza pesa zao, ndiyo maana ni tajiri. Wakenya ndio waliobuni kitu hiki 2007, dunia nzima ikafuata.

---

Mhasibu wa Zamu · #3

Kibega, hapo kwenye kutengeneza pesa umeteleza, na ni kosa linalorudiwa sana. Kampuni haitakiwi kuongeza hata shilingi moja hewani. Kila shilingi unayoiona kwenye simu lazima iwe na ndugu yake shilingi halisi iliyolala benki, kwenye akaunti ya amana iliyotengwa na pesa za kampuni yenyewe. Kenya walipoanza, pesa hizo ziliwekwa Commercial Bank of Africa. Kampuni hairuhusiwi kuzigusa kwa mishahara wala kuzikopesha.

Sasa tufuate laki ya Jembe Jipya, makato tuyaweke pembeni. Wakala wa Mbagala siku kadhaa nyuma alipeleka noti benki, akapewa thamani hiyo hiyo kwenye laini yake ya uwakala. Hiyo ndiyo floti. Ulipompa noti zako, floti yake ikapungua laki na salio lako likapanda laki. Ulipotuma, salio lako likashuka na la mama likapanda. Mama alipotoa, salio lake likashuka na floti ya wakala wa kijijini ikapanda, naye akafungua droo yake akahesabu noti.

Angalia vizuri: katika hatua zote tatu, jumla ya pesa kwenye mtambo haikubadilika. Benki yenye amana haikujua hata kama kuna jambo limetokea. Majina tu kwenye daftari ndiyo yaliyobadilika. Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba wakala wa kijijini alimlipa mama kwa mtaji wake mwenyewe, noti zake za mfukoni, na akabaki na floti badala yake.

---

Jembe Jipya · #4

Mhasibu, shukrani, nimeelewa kuliko nilivyotarajia. Lakini umenizidishia swali. Kama kila mtoto aliyeko mjini anamtumia mama yake, basi wakala wa kijijini kila siku anatoa noti na kupokea floti. Si zitaisha? Floti hainunui mkaa.

---

Wakala wa Zamani · #5

Jembe Jipya, sasa umegusa penyewe. Nilikuwa wakala miaka saba kwenye kijiji kimoja cha Bonde la Ziwa Rukwa, na swali hilo ndilo lililokuwa maisha yangu. Watu walidhani kazi yangu ni kubonyeza simu. Kubonyeza ni sekunde. Kazi ilikuwa kuhakikisha keshi na floti haviachani mkono.

Nikupe siku moja ya msimu wa mpunga. Mtaji wangu wakati huo ulikuwa milioni mbili. Asubuhi nafungua nikiwa na keshi 1,200,000 kwenye kisanduku na floti 800,000 kwenye laini. Wanunuzi wa mpunga walishaacha kutembea na mabegi ya pesa, wanalipa kwa simu. Basi kabla ya saa nne wamekuja wakulima watano. Wa kwanza katoa 300,000, wa pili 250,000, wa tatu 180,000, wa nne 220,000, wa tano 200,000. Hesabu inafika 1,150,000. Nimebaki na keshi 50,000 na floti 1,950,000. Jumla ni milioni mbili ileile, sijapoteza kitu, lakini duka limekufa. Akaja wa sita anataka laki nne za kumlipia mtoto ada. Namwambia sina keshi, ananitazama kama nimemwibia, maana simu yake inamwonyesha pesa ipo.

Benki ilikuwa Sumbawanga mjini. Ili nigeuze floti kuwa noti ilibidi niihamishie benki, nipande mlima wa bonde lile kwa pikipiki, nipange foleni, nirudi na begi tumboni chini ya koti. Siku nzima imekwenda, nauli imekwenda, na roho iko juu njia nzima. Kamisheni ya siku mbili ilimezwa na safari moja.

Kilichoniokoa ni jirani yangu mwenye duka la jumla la soda na bia. Yeye jioni alikuwa na noti tele, na alitakiwa amlipe msambazaji wake aliyeko mjini. Tatizo lake lilikuwa langu limepinduliwa. Siku ile alikuja na 900,000 keshi, nikamwekea floti 900,000 kwenye simu yake, akamtumia msambazaji wake palepale. Mimi nikarudi kwenye keshi 950,000 na floti 1,050,000, yule wa ada akapata laki nne zake. Noti hazikwenda mjini wala hazikutoka mjini. Zilizunguka humohumo kijijini: kwa mkulima, baa, duka la jumla, kwangu, kwa mkulima tena.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema pesa ya simu imeondoa safari ya pesa, namwambia hapana, imehamisha mzigo. Zamani kila mama alikuwa anasafiri kufuata noti. Sasa anasafiri wakala mmoja kwa niaba ya mama mia, na siku akimpata jirani mwenye keshi hasafiri kabisa.

---

Mama Tausi · #6

Habari zenu. Mimi nilituma 85,000 namba moja ikakosewa mwishoni, ikaenda kwa mtu nisiyemjua Tabora. Nipige wapi? Ni jana jioni.

---

Mhasibu wa Zamu · #7

Mama Tausi, pole. Usimpigie huyo mtu kwanza, ukimpigia ataitoa. Piga huduma kwa wateja wa mtandao wako sasa hivi, uwe na namba ya muamala iliyo kwenye meseji. Wakikuta salio bado lipo kwake wanaweza kulizuia. Akiwa ameshalitoa kwa wakala, kampuni haina mkono tena, maana noti zile zilitoka kwenye kisanduku cha wakala asiye na kosa. Siku nyingine soma jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri. Lile jina wameliweka kwa ajili ya kosa hilihili.

---

Mtu wa Thika · #8

Wakala, hiyo hesabu yako ningependa kila mtu aisome mara mbili.

Kibega, kidogo tu kuhusu historia, kwa heshima. Sisi Wakenya hatukuwa wa kwanza. Ufilipino walikuwa na pesa ya simu mapema zaidi: kampuni ya Smart ilitangulia, kisha GCash 2004. Sisi tulikuwa wa kwanza ikashika mpaka mama mboga.

Na hata kwetu haikuanza kama huduma ya kutumiana pesa. Majaribio yalifanyika kuanzia 2005, huku kwetu Thika pamoja na Nairobi. Wazo lilitoka Vodafone Uingereza kwa Nick Hughes na mwenzake Susie Lonie, na serikali ya Uingereza ikachangia gharama za mwanzo. Lengo lilikuwa wakopaji wa taasisi ndogo ya mikopo, Faulu, walipe marejesho kwa simu badala ya kuketi kwa mikutano na noti mkononi. Lakini watu walipopewa chombo wakakitumia wanavyotaka wao. Wakatumiana wenyewe kwa wenyewe, mmoja akamlipia mwingine, mwingine akaweka pesa Thika akaitoa Nairobi ili asisafiri nayo. Hapo Safaricom wakaona biashara iko wapi. Mikopo wakaiweka kando, na Machi 2007 wakaja na neno moja: tuma pesa nyumbani.

Hilo ndilo jibu langu kwa swali la pili. Kijana ako Nairobi, familia iko ushago. Mahitaji yalikuwepo tayari, chombo ndicho kilichokosekana. Wala hakuna aliyefundishwa umuhimu wake.

---

Mzee wa Stendi · #9

Nakubaliana na kijana wa Thika. Nimekaa stendi ya mabasi miaka mingi. Kabla ya haya, pesa ya nyumbani ilikwenda kwa kondakta. Unaifunga kwenye bahasha, bahasha ndani ya khanga, khanga ndani ya mfuko wa sukari, unaandika jina na kituo. Makondakta wengi walikuwa waaminifu sana, nisije nikawavunjia heshima. Lakini basi likiharibika njiani, mama anakaa kituoni mpaka usiku. Na likipata ajali huulizi bahasha, unauliza roho za watu.

Kulikuwa na posta pia. Ilikuwa salama, ila polepole, na ukifika dirishani unaweza kuambiwa pesa hakuna, njoo Ijumaa. Mnaona ugonjwa ni uleule wa Wakala: karatasi imefika, noti hazijafika.

---

Dada wa Vocha · #10

Mahitaji yalikuwepo, sawa, lakini mahitaji hata Ufilipino yalikuwepo, hata Kongo. Mimi nasema siri ni vibanda. Nilikuwa nauza vocha za kukwangua kabla sijawa wakala. Kampuni ya simu ilikuwa imeshajenga njia ya kufikisha vocha mpaka mwisho wa barabara: msambazaji mkuu, wa wilaya, mimi na mwavuli wangu. Nilishazoea kununua kwa jumla na kuuza rejareja kwa faida ya asilimia ndogo. Walipokuja na floti, nilikuwa naielewa tayari kabla hawajamaliza kueleza. Floti ni kama vocha, nainunua kwanza ndipo niuze.

Tena watu walikuwa wanatumiana pesa kwa vocha hata kabla ya huduma yenyewe. Mtu ananunua vocha mjini, anazikwangua, anampigia mwenye kibanda kijijini anamsomea namba. Mwenye kibanda anaziingiza, anakata chake, anampa mama keshi. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo mara nyingi. Chake kilikuwa kikubwa kuliko makato ya leo, na watu walilipa bila kunung'unika kwa sababu hapakuwa na njia nyingine.

Benki ikitaka kufungua tawi inataka jengo, kasiki, askari, umeme. Mimi nilitaka mwavuli.

---

Kibega · #11

Sawa nimekubali kuhusu Ufilipino na kuhusu amana. Lakini basi jibu liko wazi: pasipo na benki pesa ya simu inashinda. Penye benki inashindwa. Afrika Kusini walijaribu M-Pesa 2010, Vodacom na benki ya Nedbank, wakaifunga 2016. Wana matawi na mashine za kutolea pesa kila mahali.

---

Mtu wa Thika · #12

Mfano wa Afrika Kusini ni wa kweli, ila usiuchukue peke yake. Kule sheria ilikuwa kali zaidi na huduma ilibebwa na benki. Nigeria nayo ilikuwa na watu wengi mno wasio na benki. Kwa muda mrefu benki kuu yao haikuruhusu kampuni za simu kuongoza huduma hii, na miaka yote hiyo ilijikokota wakati sisi tunakimbia. Kama uchache wa matawi ungetosha, Nigeria ingetupita mapema.

Kwetu Benki Kuu ilitoa barua 2007 kwamba haina pingamizi, huku ikiangalia. Sheria kamili ya mifumo ya malipo ilikuja baadaye, 2011. Mwishoni mwa 2008 benki zilipiga kelele, na John Michuki, aliyekuwa akikaimu uwaziri wa fedha, akaagiza ukaguzi. Januari 2009 serikali ikatoka na kusema huduma iko salama. Kama ukaguzi ule ungetoka vingine, leo hatungekuwa na mazungumzo haya.

Na kitu kingine hatupendi kukisema: Safaricom ilikuwa kubwa kupita wote. Ukimtumia mtu, karibu hakika ako kwa mtandao uleule. Huhitaji kumuuliza.

---

Mwalimu wa Hesabu · #13

Hapo kwenye ukubwa napinga. Tanzania hatukuwa na kampuni moja iliyomeza soko. Vodacom walianza M-Pesa 2008, Tigo Pesa na wengine wakafuata, na watu walikuwa na laini mbili tatu mfukoni. Bado ilienea mpaka visiwani. Mitandao ilianza kukubaliana kutumiana moja kwa moja 2014, Vodacom wakaingia 2016, wakati Kenya wenye jitu moja walifika hapo 2018. Kwa hiyo ukubwa wa kampuni moja hauelezi yetu.

Lakini haki isemwe: miaka yetu miwili ya kwanza ilikuwa ya pole sana. Kenya walipata wateja milioni moja kabla mwaka haujaisha, sisi tulisuasua. Nchi ni pana, watu wametawanyika, mawakala walikuwa wachache. Mtu akijiandikisha, akimtafuta wakala asimpate, au akimpata hana floti, hafungui tena menyu ile. Kwa hiyo namuunga mkono Dada wa Vocha kuliko nyote. Idadi ya vibanda ndiyo iliyoamua kasi, mengine yote ni chumvi.

---

Mtu wa Thika · #14

Mwalimu, vibanda bila ruhusa vingefungwa na polisi. Chumvi gani hiyo bila chakula.

---

Binti Pwani · #15

Mnabishana vizuri, ngoja niongeze kisa. Ndugu yangu ana duka la vipuri. Mwaka jana alikuja kijana mtaratibu, amenyoosha shati, akachukua betri ya gari. Akasema nimekutumia. Simu ya ndugu yangu ikalia, meseji imeingia, kiasi sahihi, jina, namba ya muamala ndefu kama zile za kweli. Akampa betri. Jioni anataka kumlipa msambazaji, salio halitoshi. Akarudi kwenye ile meseji, akakuta imetoka kwenye namba ya kawaida ya mtu, siyo jina la huduma. Na ile sehemu ya salio jipya, tarakimu zake hazikukubaliana kabisa na meseji iliyotangulia.

Sasa Mhasibu, ulisema ukweli uko kwenye daftari. Mbona watu wanadanganywa na meseji?

---

Mhasibu wa Zamu · #16

Binti Pwani, kwa sababu meseji ni taarifa tu, ni kama mtu anayekuja kukuambia mgeni amefika. Mgeni mwenyewe yuko sebuleni. Ndugu yako angepiga menyu akaangalia salio, kwa Vodacom ni

```
*150*00#
```

angejua palepale. Hiyo menyu inauliza mtambo wenyewe, na mtambo hausomi meseji za matapeli. Ishara aliyoiona ni sahihi: salio la zamani, ongeza kilichoingia, lazima lipate salio jipya. Tapeli anaweza kuandika kiasi anachotaka, lakini salio lako la jana halijui.

Kuna na upande wa pili. Siku mtandao umezidiwa, muamala unaweza kukamilika kwenye daftari na meseji ikachelewa. Mtu akakata tamaa, akatuma tena, ikaenda mara mbili. Dawa ni ileile: angalia salio kabla ya kurudia.

---

Mzee wa Stendi · #17

Hili la kuangalia salio nimemfundisha muuza tiketi wangu leo. Asante.

Swali dogo: hizo pesa za amana zinalala benki mwaka mzima. Benki haitoi riba? Riba inakwenda kwa nani?

---

Mhasibu wa Zamu · #18

Mzee, inazaa riba. Kenya ilipelekwa kwenye shughuli za hisani. Kwetu, Tigo ndio waliotangulia kuwagawia watumiaji, 2014, na baada ya hapo ikawa kawaida kuona kijisenti kimeingia na meseji ya gawio. Wengi walidhani ni utapeli wakaipuuza.

---

Dada wa Vocha · #19

Mawakala na sisi tulipata, kwa sababu floti yetu nayo iko humohumo kwenye amana. Mimi niliipata nikanunua mwavuli mpya.

---

Wakala wa Zamani · #20

Nimesoma yote. Mwalimu na Mtu wa Thika, nyote mnaongea kana kwamba kibanda kikishafunguliwa kazi imekwisha. Kibanda ni kuta tu. Nimeona vijiji vyenye vibanda sita na vyote havina keshi siku ya soko. Nimeona kijiji chenye kimoja, na watu wanatoka mbali kukifuata kwa sababu hakijawahi kumwambia mtu njoo kesho.

Tena mbadilishane mawazo kuhusu jambo hili: Kibega anasema benki ni adui wa pesa ya simu. Mimi bila lile tawi la Sumbawanga ningefunga mwezi wa kwanza. Noti za Jembe Jipya zilibaki Mbagala. Wakala wa kule yuko kinyume na mimi: kila mtu anaweka, hakuna anayetoa, kwa hiyo keshi inajaa na floti inakauka. Jioni anazipeleka benki zigeuke floti, na hapo ndipo amana inapoongezeka. Mimi kule bondeni ninapopeleka floti yangu benki nipewe noti, amana inapungua. Benki ndiyo iliyopeleka noti Sumbawanga kwa gari lake lenye askari, mimi nikamalizia kwa pikipiki. Kwa hiyo tawi moja lilikuwa linatuhudumia mawakala wa bonde zima. Matawi yalikuwa machache, ndiyo, lakini siyo sifuri. Mkinipa nchi isiyo na tawi hata moja, sijui ningepata wapi noti.

---

Mwalimu wa Hesabu · #21

Wakala, hapo kwenye "nchi isiyo na tawi" nina jibu kidogo. Somaliland, kampuni ya Telesom ilianza Zaad 2009, mahali ambapo benki za kawaida karibu hazikuwepo. Ilienea vikali, na salio ni dola. Wenye kubadili pesa na wafanyabiashara wakubwa ndio waliofanya kazi ya tawi lako. Kama yule jirani yako wa soda, ila wa nchi nzima.

---

Wakala wa Zamani · #22

Mwalimu, hilo sikulijua, na limenifurahisha. Basi naweka sawa kauli yangu: siyo lazima liwe benki. Lazima awepo mtu mwenye noti nyingi anayetaka kuziondoa. Kijijini kwangu alikuwa muuza soda.

---

Kibega · #23

Na bei je? Hakuna aliyetaja bei. Tozo ya miamala ilipokuja Julai 2021, mama yangu mdogo aliacha kabisa. Alirudi kwa kondakta wa Mzee wa Stendi. Miezi miwili baadaye wakaipunguza, lakini alikuwa ameshazoea. Kama watu wanaweza kurudi kwenye bahasha kwa sababu ya makato, basi bei ndiyo iliyoisambaza mwanzoni, siyo vibanda wala barua ya benki kuu.

---

Mzee wa Stendi · #24

Nathibitisha. Bahasha ziliongezeka stendi miezi ile. Niliziona kwa macho yangu.

---

Dada wa Vocha · #25

Kibega, leo umesema jambo. Mimi miezi ile wateja wa kutoa walipungua mpaka nikawa nafunga saa kumi. Ila waliobaki walikuwa wanatoa mara moja kiasi kikubwa badala ya kidogokidogo, na hapo keshi yangu ndiyo iliyokuwa inakatika kwa mkupuo. Tozo ilinipiga mara mbili.

---

Mtu wa Thika · #26

Bei ilisaidia, sikatai. Lakini Zaad aliyoitaja Mwalimu ilianza bila makato ya kutuma kabisa, na sisi tulianza na makato, na zote mbili ziliruka. Tutafute kinachofanana.

---

Mama Tausi · #27

Wamezuia 72,000, 13,000 alikuwa ameshatoa. Wamesema wanirudishie ndani ya siku chache. Mhasibu, Mungu akubariki. Lakini wameniuliza kama nakubali kusamehe hiyo 13,000 au nifungue malalamiko polisi. Nifanyeje?

---

Jembe Jipya · #28

Mama Tausi, hongera kwa hizo zilizopatikana. Wakuu, nimempigia mama jana nikamuuliza yule wakala wa senta noti anazipata wapi. Akaniambia wakala ni mke wa mwenye mashine ya kusaga na kukoboa. Wateja wa mashine wanalipa kwa sarafu na noti ndogo kutwa nzima, jioni zinahamia kwenye meza ya mke. Mama anasema ndiyo maana pale hulipwa kwa noti za elfu moja moja zenye unga.

Wakala wa Zamani, swali la mwisho kwako: mashine ikiharibika?

---

Wakala wa Zamani · #29

Mwambie mama siku hiyo aende asubuhi.